Nimekuwa Meneja wa Fedha miaka tisa, sasa naomba kazi ya Mhasibu Moshi. Napunguza vipi sivii bila kudanganya?

MwanaRau (mwenye uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba msaada wenu, hasa wa waliowahi kukaa upande wa kuajiri.

Nina CPA na shahada ya uzamili ya fedha. Nilianza 2009 kama Mhasibu Msaidizi kwenye kampuni ya mabasi, 2012 nikawa Mhasibu kwenye kiwanda kimoja Arusha, na kuanzia 2016 nikawa Meneja wa Fedha wa mradi wa afya Dar. Mradi ulifungwa mwanzoni mwa 2025 na sote tukapewa barua. Mama yangu alipata kiharusi, hivyo nimerudi nyumbani Moshi na sina mpango wa kuondoka tena.

Hapa kazi za umeneja wa fedha ni chache mno. Zinazotangazwa ni za uhasibu wa kawaida: maduka ya jumla, shule, mahoteli ya watalii. Nimeomba sehemu tatu, kimya. Ya nne walinipigia, yule baba akaniambia kwa heshima kabisa, "Dada, wewe ni mkubwa kwetu, hatutakuweza." Simu ikaishia hapo.

Sasa kuna tangazo la duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye matawi matatu. Wanataka Mhasibu mwenye stashahada au shahada, uzoefu wa miaka miwili, anayejua programu ya Tally, ritani za TRA, kufunga mwezi na kuhesabu stoo. Rafiki yangu anasema nifute neno Meneja niandike Mhasibu, na CPA niiondoe. Moyo unakataa. Lakini sivii yangu ya kurasa nne nayo inanifungia milango. Mnanishauri nini?

Kijana_wa_Majengo

Dada futa tu. Sivii ni yako, hakuna sheria inayokulazimisha kuandika kila kitu. Andika Mhasibu 2016 hadi 2025, nani atakwenda Dar kuuliza? Njaa haina cheo.

AfisaUtumishi_Njiro

Dada MwanaRau, pole kwa mama. Nimefanya kazi ya kuajiri miaka kumi na mbili, zaidi viwandani na hotelini, kwa hiyo nitakwambia tunachokiona sisi.

Kijana wa Majengo yuko sahihi nusu. Ni kweli sivii si hati ya kiapo. Ni uteuzi wa mambo, na una haki ya kuchagua yapi yatangulie, yapi yafupishwe na yapi yaachwe kabisa. Usichoruhusiwa ni kubadilisha lililotokea. Jina la mwajiri, tarehe na cheo chako rasmi ni mambo yaliyotokea. Ukiandika Mhasibu wakati barua yako ya ajira inasema Meneja wa Fedha, hapo umeghushi, hata kama umejishusha badala ya kujipandisha.

Na hilo hujulikana kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma, na sisi huwa tunakiomba. Cheo kimo humo. Wadhamini nao tunawapigia, na swali letu la kwanza ni "alikuwa nani hapo kwenu?" Mdhamini akisema "alikuwa meneja wetu", na mimi mbele yangu nimeandikiwa mhasibu, sitafikiri kwamba ulikuwa mnyenyekevu. Nitafikiri kuna kitu unakimbia, pengine wizi. Kwa mtu wa fedha hilo linatosha kukumaliza. Hata ukishaajiriwa, kanuni za utendaji bora za 2007 zinazotumika kwenye mashauri ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, zinataja ukosefu mkubwa wa uaminifu kati ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kwa hiyo cheo kibaki. Kinachobadilika ni kilicho chini yake. Hebu tuwekee hapa maelezo ya kazi yako ya mwisho kama yalivyo sasa, ondoa majina tu.

Mpwani_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nilifanya hilo analosema Kijana, dada, na nakuomba usilifanye. Nilikuwa meneja wa shughuli kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Ilipofungwa nikaomba kazi ya karani wa stoo hotelini, cheo nikakigeuza nikaandika karani wa forodha. Wakanichukua. Mwezi wa pili dereva wa lori aliyenijua zamani akaja na mzigo, akanisalimia mbele ya bosi, "Meneja, shikamoo!" Bosi akaniita ofisini. Hakunifukuza, lakini kuanzia siku ile funguo za stoo sikupewa tena peke yangu. Nilikaa miezi mitano nikaondoka mwenyewe. Kazi ile niliiweza, ila nilikuwa nimeshapoteza imani ya yule mzee.

Mwl_Kibaigwa

Na mimi naomba nisaidiwe humuhumu. Nina stashahada ya ualimu na digrii. Kwenye Ajira Portal nafasi za stashahada ni nyingi zaidi. Nikiomba kwa stashahada na digrii nisiitaje, si ni sawa na anachouliza mwenye uzi?

AfisaUtumishi_Njiro

Mwalimu, lako si sawa na lake. Sivii ya kupeleka dukani unaipanga mwenyewe. Fomu, iwe ya karatasi au ya mfumo, inakuuliza swali na unajibu kwa kukiri kuwa majibu ni kweli. Fomu ikisema "taja elimu yako yote", taja yote. Matangazo yale yenyewe huonya kuhusu taarifa za kughushi. Fungua uzi wako, wapo watu wa Sekretarieti ya Ajira humu watakujibu vizuri kuliko mimi.

MwanaRau (mwenye uzi)

Ahsanteni sana. Hii ndiyo sehemu ya juu, nimeitafsiri kwa sababu yenyewe iko kwa Kiingereza:

"Kiongozi wa fedha mwenye uzoefu wa miaka 16 katika mikakati ya kifedha, usimamizi wa ruzuku na ujenzi wa timu zenye tija."

Na chini ya Meneja wa Fedha:

"Nilisimamia bajeti ya mwaka ya shilingi bilioni 4.2. Niliongoza timu ya watu sita katika mikoa minne. Niliandaa taarifa za robo mwaka kwa mfadhili. Nilisimamia kaguzi za nje tisa, zote zikatoa hati safi. Nilibuni mwongozo wa fedha wa mradi."

Pamoja na hoja nyingine kumi na moja za namna hiyo.

Mama_Vifaa

Nimesoma hiyo nikiwa kaunta. Mimi ndiye mwajiri wa aina unayemtafuta, mwanangu. Nina duka la vifaa Himo na jingine Same, na niliwahi kuajiri mtu mkubwa kama wewe.

Nikisoma "mikakati ya kifedha" na "ruzuku" sioni duka langu hata mahali pamoja. Duka langu ni nondo, saruji, mabati, madeni ya mafundi na mashine ya EFD inayogoma mchana wa Jumamosi. Mimi nauliza, huyu ataingia stoo kuhesabu misumari? Atakubali mwanangu wa miaka 28 amwambie arudie hesabu? Na yule niliyemwajiri aliondoka mwezi wa nne, katikati ya kuandaa hesabu za mkaguzi, akapata kazi Dodoma. Nililipa mtu mwingine kuanza upya. Sisi hatukatai wasomi kwa wivu. Tunaogopa kuachwa.

AfisaUtumishi_Njiro

Mama Vifaa amesema kitu ambacho huwa nashindwa kukieleza kwa ufupi. Dada, nina swali, na unijibu kwa ukweli kabla hatujagusa sentensi hata moja. Mara ya mwisho kuingiza vocha kwa mkono wako ni lini? Mara ya mwisho kuandaa ritani ya VAT wewe mwenyewe? Na Tally?

MwanaRau (mwenye uzi)

Swali limenichoma kidogo, nalijibu.

Tally mara ya mwisho ni 2016 kiwandani, ile ya Tally.ERP 9. Kwenye mradi tulitumia QuickBooks. Ritani ya VAT vilevile 2016, kwa sababu mradi haukuwa unauza kitu. PAYE na kodi ya zuio zilikuwa zinaandaliwa na mhasibu wangu kila mwezi, mimi napitia na kuidhinisha kabla ya tarehe 7. Vocha nilikuwa nasaini tu, isipokuwa kati ya Julai na Desemba 2023 mhasibu msaidizi alipokwenda likizo ya uzazi na bajeti ya mtu wa muda ikakosekana. Miezi ile sita niliingiza vocha mwenyewe, nikafanya usuluhisho wa benki akaunti tatu na peti keshi juu.

AfisaUtumishi_Njiro

Umenipa kila nilichokuwa nakitafuta. Ngoja nieleze kwa nini niliuliza.

Watu wakiambiwa wapunguze sivii hufuta mikakati na uongozi, halafu kujaza pengo wanaandika kazi za mikono: "nilifanya usuluhisho wa benki, niliandaa ritani". Hapo ndipo mtu mwaminifu anapodanganya bila kujua, kwa sababu kazi zile zilifanywa na wasaidizi wake. Siku ya usaili anapewa kompyuta na mkono hauendi. Anayesaili anatoka pale akiamini sivii yote ni uongo, pamoja na zile sehemu za kweli.

Wewe una sifa kubwa kuliko kazi, na papo hapo mazoezi yako ya kazi yenyewe ni ya zamani. Mambo yote mawili ni kweli, na sivii yako iyaonyeshe yote mawili. Tafuta kwenye miaka yako sehemu ambazo mkono wako uligusa daftari, uzipandishe juu na tarehe zake. Ulipopitia tu, sema ulipitia. Neno "nilipitia" lina thamani, maana anayepitia ndiye anayekamata makosa.

Ningeandika hivi. Juu kabisa:

"Mhasibu mwenye CPA. Nimefanya uhasibu wa kampuni ya usafirishaji na wa kiwanda, kisha nikasimamia fedha za mradi. Nimehamia Moshi kwa kudumu na natafuta kazi ya uhasibu ya vitendo, ya muda mrefu."

Kisha chini ya Meneja wa Fedha, 2016 hadi 2025, cheo kikiwa palepale:

"Niliwajibika kwa vitabu vya mradi wenye ofisi nne. Kila mwezi nilipitia usuluhisho wa akaunti tatu za benki, PAYE na kodi ya zuio kabla ya kuwasilishwa. Julai hadi Desemba 2023 nilifanya kazi ya mhasibu msaidizi mwenyewe: vocha, usuluhisho wa benki na peti keshi. Vitabu vilikaguliwa kila mwaka na kupata hati safi."

Hoja nne zinatosha. Bilioni 4.2 inatoka, kwa sababu haimwambii mwenye duka chochote isipokuwa mshahara wako ulikuwa mkubwa. Timu ya watu sita inatoka. Hujaficha, kwa sababu cheo kinasema meneja na kila mtu anajua meneja ana watu. Akiuliza, mwambie sita.

Halafu kazi ya kiwandani ya 2012 hadi 2016 ipe nafasi zaidi kuliko ilivyo sasa, hata kuliko umeneja. Najua wengi huipa ya zamani mistari miwili. Kwako ndiyo inayofanana na duka: bidhaa, stoo, VAT, madeni.

MwanaRau (mwenye uzi)

Kiwandani niliandika mistari miwili kweli! Na pale nilifanya ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20, nikahesabu stoo kila mwisho wa mwezi pamoja na mtunza stoo, na nikafuatilia wadaiwa karibu mia na hamsini. Mwaka wa kwanza tulikuwa na tofauti kati ya kadi za stoo na Tally, tukaja kugundua bidhaa zilizorudishwa na wateja zilikuwa zinaingia stoo bila hati ya marejesho. Hilo niliona ni dogo, sikuliandika.

Mama_Vifaa

Uliona dogo? Mwanangu, hiyo ndiyo ningekuitia. Bidhaa zinazorudi bila karatasi zimenila pesa miaka mitatu.

Mzee_wa_Ledja

Wakuu, mimi ni CPA pia, nimestaafu. Nakubaliana na mengi ila kwenye CPA na uzamili nina neno. CPA ibaki, kwa sababu ni usajili wa NBAA, bodi ya wahasibu. Shahada ya uzamili aiache kabisa nje ya sivii. Tangazo linataka stashahada au shahada. Kutotaja si uongo, na mwenyewe AfisaUtumishi amesema sivii ni uteuzi.

AfisaUtumishi_Njiro

Mzee wangu shikamoo. Kwa kanuni hujakosea. Mimi ningeiacha ibaki, mstari mmoja, mwisho wa ukurasa wa pili. Sababu yangu ni Moshi yenyewe. Mji ni mdogo, mtu atamwambia mwenye duka "yule dada ana masta", na kitu kilichojulikana kwa mlango wa nyuma kina uzito kuliko kilichosomwa kwenye karatasi. Ingekuwa Dar pengine ningekubaliana nawe.

Mzee_wa_Ledja

Marahaba. Bado naona mstari huo mmoja unaweza kumkosesha usaili, na asipoitwa hatapata nafasi ya kujieleza. Yeye achague.

Kijana_wa_Majengo

Nimeelewa kuhusu cheo, nakubali nilikosea. Ila swali: hilo pengo la tangu Februari 2025 atalijazaje? Si ndiyo aseme mama anaumwa?

Mama_Vifaa

Hapana, asiandike ugonjwa. Samahani kwa kusema hivi, lakini mwajiri akisoma mgonjwa nyumbani anahesabu siku za kutokuja kazini. Aandike amerudi kuishi kwao. Mchaga anayerudi kihamba kwao namuelewa bila maelezo.

Mpwani_Likoni

Mimi ningesema. Akiajiriwa halafu mama akazidiwa wiki ya kufunga mwezi, ataonekana alificha jambo.

AfisaUtumishi_Njiro

Kwenye karatasi naungana na Mama Vifaa. Barua ya maombi iwe na sentensi mbili tu za sababu: mradi ulifungwa, na amerudi nyumbani Moshi kwa kudumu kwa sababu za kifamilia. Kwenye usaili akiulizwa ni sababu gani, aseme mama, na aseme nani anakaa naye mchana. Swali lao halisi ni kama utakuwepo kazini, kwa hiyo jibu lenyewe ndilo hilo la mchana.

Na dada, kabla ya kupeleka, tafuta mtu mwenye TallyPrime ukae naye jioni mbili tatu. Ile ERP 9 uliyoiacha imebadilika sura. Kwenye sivii andika ukweli: "Tally.ERP 9, 2012 hadi 2016. Najizoeza TallyPrime sasa." Usiandike "mtaalamu".

MwanaRau (mwenye uzi)

Nimeiandika upya usiku kucha. Kurasa mbili. Kiwanda kimepata hoja sita, umeneja nne, mabasi moja. Uzamili nimeuacha ubaki, mstari wa mwisho. Nimewapigia wadhamini wote wawili nikawaeleza kazi ninayoomba na kwa nini, ili wasishangae wakipigiwa. Mmoja alicheka kwanza, halafu akasema atawaambia kwamba mwaka 2023 nilikuwa naingiza vocha mwenyewe. Napeleka Jumatatu kwa mkono.

MwanaRau (mwenye uzi, wiki tatu baadaye)

Wanajamvi, narudi na taarifa.

Waliniita. Walikuwa watatu: mwenye duka, binti yake anayesimamia ofisi, na mkaguzi wao wa nje. Binti aliniwekea vocha arobaini niziingize kwenye TallyPrime kwa saa moja. Nilimaliza thelathini na nne. Nilianza polepole, mwishoni mkono ukakumbuka. Mbili nikazitenga nikaandika kikaratasi, kwa sababu risiti za EFD zilikuwa na tarehe ya mwezi mwingine. Mkaguzi alizichukua hizo mbili akazisoma bila kusema kitu.

Kuhusu cheo waliuliza kama mlivyosema: "Ulikuwa meneja, utakubali kupewa maelekezo na huyu binti?" Nikajibu kwamba kiwandani bosi wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne na tulifanya kazi vizuri. Nikaomba nijue yeye anapenda kupewa taarifa kila siku au kila wiki. Binti akasema kila siku saa kumi na moja jioni. Nikamwambia sawa.

Uzamili hakuna aliyeugusa. Sijui kama ni kwa sababu hawakuuona au waliuona wakaona ni sawa.

Mama_Vifaa

Na mshahara ulisemaje?

MwanaRau (mwenye uzi)

Walitaja 900,000 kwa mwezi. Niliwaambia nilikuwa napata zaidi ya mara nne ya hiyo Dar, na kwamba hapa naishi kwenye nyumba yetu, silipi kodi, kwa hiyo naweza kuishi kwa 900,000 na nimeshapiga hesabu. Baba akaniuliza nitakaa muda gani. Nikasema siwezi kuahidi maisha, naweza kuahidi kufunga hesabu za miaka miwili ya fedha, na kama wanataka tuweke kwenye mkataba niko tayari. Akaandika mahali.

Mzee_wa_Ledja

Miaka miwili kwenye mkataba inakufunga na wewe. Hakikisha kipengele cha notisi kinasomeka kabla hujasaini.

MwanaRau (mwenye uzi)

Nitakisoma, Mzee wangu. Wamesema watanipigia Ijumaa. Jana mdhamini wangu wa kiwandani alinitumia ujumbe kwamba wameshampigia, na walichotaka kujua zaidi ni zile bidhaa zilizokuwa zinarudi bila hati.